Kabla Bibi Harusi Hajatuma Arubuni

Wifi yangu wa Mwanza anapamba maharusi: hina, mekapu, na nguo za kukodisha. Anafanyia kazi nyumbani kwake Kirumba, lakini wateja wake wengi si wa mjini. Wanatoka Magu, Sengerema, Geita, na ng'ambo ya maji huko Ukerewe. Hawana nafasi ya kuja kumtazama kwanza. Wanaona picha kwenye simu, wanatuma arubuni, kisha wanasubiri siku yao.

Binti mmoja wa Nansio alituma arubuni kwa watu wenye picha nzuri kupindukia. Siku ya hina hakuja mtu, na namba ile haikupatikana tena. Mama yake ndiye aliyempigia wifi yangu, akamuuliza: "Mwanangu, nitajuaje kama na wewe si wale wale?"

Wifi alipoamua kufungua tovuti yake, nikamsaidia kuiandika, na swali la mama yule ndilo tulilokuwa tukilijibu. Maneno kama "tunaaminika" na "huduma bora" hayamjibu, kwa sababu hata tapeli anayaandika. Kinachomjibu ni kitu ambacho mama yule anaweza kukihakiki mwenyewe akiwa Nansio, kabla ya kutoa hata shilingi.

Tulianza na mawasiliano, maana hapo ndipo pesa inapopita. "Mwanza, Tanzania" si anwani. Tuliandika mtaa, kituo cha daladala cha kushukia, na rangi ya geti. Saa tuliziandika kwa Kiswahili, "saa 2 asubuhi mpaka saa 11 jioni", kwa sababu mtu akiona 8:00 hajui ni asubuhi au usiku. Kisha tukaweka sentensi moja ambayo naona ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote. Ukilipa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Basi tuliandika jina hilo kama linavyotokea, tukaongeza: "Ukiona jina jingine, usitume." Kama jina la biashara ni moja na laini imesajiliwa kwa jina lako, lieleze hilo waziwazi, la sivyo bibi harusi ataona jina asilolijua na ataogopa, na ana haki ya kuogopa.

Hapo hapo tukaeleza sharti la arubuni. Inarudishwa lini, hairudishwi lini, na ikiwa kivuko cha Ukerewe hakikusafiri siku hiyo, hasara ni ya nani. Mteja akikuta jibu la swali ambalo alikuwa anaona haya kuliuliza, moyo wake unatulia.

Vyeti vilitufundisha kitu. Wengi huvibandika vyote kama mapambo, lakini kila cheti kina neno lake moja tu. Cheti cha BRELA kinasema jina la biashara limesajiliwa. Namba ya TIN inasema TRA wanakujua kama mlipa kodi. Leseni ya halmashauri inasema unaruhusiwa kufanya biashara hiyo mahali hapo. Hakuna hata kimoja kinachosema mkono wako ni mwepesi kwenye hina. Kwa hiyo chini ya kila kimoja tuliandika kinathibitisha nini, na namba ya usajili tukaiandika kwa maandishi ili mtu aweze kuitumia kuuliza BRELA. Picha ya cheti tuliiziba sahihi na tukaandika jina la biashara katikati yake, kwa sababu picha safi ya cheti chako ni zawadi kwa tapeli. Namba ya NIDA haiwekwi kabisa.

Nembo ya TBS tuliiacha. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, lakini nembo iliyo kwenye pakiti ni ya bidhaa ile na mtengenezaji wake. Haihamii kwa mpambaji aliyeinunua. Badala yake tuliandika jambo ambalo mteja anaweza kuliona kwa macho: wifi hapaki piko jeusi kwenye ngozi. Rangi ile ya nywele mara nyingi ina kemikali iitwayo PPD, na kuna wanaotoka malengelenge mpaka makovu. Hina halisi ikibanduliwa huwa ya rangi ya chungwa, kisha hukoza kwa siku moja au mbili. Ukipakwa kitu kikawa cheusi tii ndani ya saa moja, hicho si hina tupu.

Kwenye wahusika, watu ni watatu: wifi, msaidizi wake, na shangazi anayeshughulika na nguo. Kila mmoja aliandikiwa anafanya nini, kwa muda gani, na nani hasa atakayeingia chumbani kwa bibi harusi. Kwa sisi hilo si jambo dogo. Tukasema wote ni wanawake, na kama kuna siku atakuja mpiga picha mwanamume, mteja ataambiwa mapema. Shangazi hakutaka sura yake ionekane, basi tuliweka picha ya mikono yake ikishona. Ni bora mikono ya kweli kuliko sura nzuri ya mwanamke wa mtandaoni ambaye hajawahi kufika Kirumba.

Shuhuda ndizo zilizotupa kazi. Usiku wa hina kila mtu anasema "mashaallah", na neno hilo halimsaidii mwingine. Wifi sasa anasubiri fungate iishe, ndipo anauliza matatu: tulifika saa ngapi, rangi ilikaa siku ngapi, na kipi hukukipenda? Mmoja alijibu kuwa rangi ilikaa siku tisa, lakini walichelewa nusu saa. Tuliliweka vile vile. Ushuhuda wenye kasoro ndogo unasomeka kama wa mtu.

Picha ni amana. Bibi harusi aliyefunua nywele mbele ya wanawake wenzake hakukubali kuonwa na dunia. Anaombwa idhini kwa maandishi, siku ambayo hana pirikapirika, na anaambiwa kuwa akibadili nia picha itaondolewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inataka ridhaa. Sisi tunaweka mikono na miguu tu, bila jina kamili.

Sasa ushuhuda usio na jina utahakikiwaje? Maharusi wawili wa zamani wamekubali kupigiwa simu. Namba zao haziko kwenye tovuti. Mteja akiomba, wifi anawauliza kwanza, kisha anawaunganisha. Mama wa Nansio aliongea na mmoja wao kwa dakika ishirini. Alimuuliza mambo ambayo sisi hata hatukuyafikiria, ikiwemo kama wanaswali kwa wakati wakiwa kazini.

Shoga yangu, kama nawe una tovuti mpya, mpe simu mtu asiyekujua. Mwambie atafute mambo manne: uko wapi, pesa inaingia kwa jina gani, nani atakuja nyumbani, na harusi ikiahirishwa inakuwaje. Usimsaidie. Pale atakapokwama, ndipo pa kuandika upya.