Bi Harusi Yuko Maskati, Kitambaa Kiko Darajani

Kila nikiweka picha ya nguo iliyokwenda Oman, wengine mnaniandikia faraghani: "Dada, huyo bi harusi umempimaje na wewe uko Unguja?" Leo nitakujibuni, ila itabidi nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

Siku hiyo nilikuwa kwenye simu ya video na mama mmoja anayemtafutia bintiye nguo ya kufungia ndoa. Tulikuwa tumeelewana vizuri. Akaniuliza kama nimewahi kushona mikono ya lesi yenye bitana ndani. Nikasema ninayo picha, nikabonyeza kushea skrini, nikafungua picha zote za simu na kuanza kuitafuta kwa kidole. Picha zikapita mbio, mmoja baada ya mwingine, mpaka akapita bi harusi niliyemshonea mwezi uliotangulia. Alikuwa anajaribu gauni chumbani kwangu, kichwa wazi na zipu ya mgongoni haijafungwa. Haikufika sekunde mbili. Yule mama akanyamaza, kisha akauliza taratibu, "Huyo si mtoto wa fulani?"

Alikuwa anamjua. Hakuagiza nguo, na sikumlaumu, kwa sababu na yeye ana binti. Jioni ile nikampigia bi harusi wangu, nikamueleza mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Alinisamehe, Allah amlipe. Lakini aliniambia neno ambalo bado ninalo: "Dada, mimi nilivua mtandio kwa sababu ulikuwa wewe."

Kushea skrini kuna siri ndogo ambayo watu huisahau. Unaposhea, mteja haoni picha uliyokusudia tu. Anaona kila kinachopita kwenye kioo chako: picha za pembeni, ujumbe unaoshuka juu, jina la anayekupigia. Na anaweza kuihifadhi skrini hiyo kwenye simu yake bila wewe kujua. Kwa hiyo siku hizi nafanya hivi. Kila mteja nina albamu yake, na humo ndani mna picha za nguo ikiwa imevalishwa sanamu au imetundikwa. Picha za maharusi wakijaribu nguo sizihifadhi tena. Kabla ya simu nanyamazisha arifa zote. Albamu naifungua kwanza, ndipo nabonyeza alama ya kushea. Nikimaliza kuonyesha nasitisha kushea, halafu ndipo nagusa kitu kingine.

Na upande wa pili pia nauliza. Salamu zikishakwisha nasema, "Hapo ulipo uko na nani, mwanangu?" Kama kaka zake au shemeji wako sebuleni, anahamia chumbani au anavaa spika za masikioni, ndipo tunaendelea.

Sasa nikuelezeni simu moja iliyokwenda sawa, hatua kwa hatua. Bi harusi alikuwa Maskati, asili yao Unguja, Kiswahili chake safi. Harusi ilikuwa imebaki wiki 6. Tulipanga Jumamosi saa nne asubuhi kwa saa za hapa, kwake saa tano, kwani Maskati wako mbele yetu kwa saa moja. Jumamosi ni mapumziko Oman, na mimi asubuhi nina mwanga wa dirishani. Kitambaa usikionyeshe usiku chini ya taa. Taa ya njano inaifanya nyeupe ionekane krimu, na mwisho wa yote utalaumiwa wewe.

Nilipompangia saa nilimuuliza jambo moja zaidi: "Nani mwingine ana kauli juu ya nguo hii?" Akacheka. "Shangazi." Nikamwomba shangazi awepo tangu mwanzo. Zamani sikuwa nauliza. Nilikuwa namaliza maelezo yote, halafu dakika ya ishirini anaingia mama mkubwa na kusema, "Hebu tuanze upya." Ukifika hapo bi harusi ameshachoka, na wewe umechoka.

Simu niliiweka kwenye stendi, dirisha likiwa nyuma ya simu na kitambaa mbele yake, ili mwanga ukipige kitambaa usije ukaingia kwenye kamera. Nilichukua sampuli 3 tu kutoka Darajani: satini, krepu na lesi. Ukimuonyesha mtu vitambaa kumi kwenye kioo kidogo, cha nne kikifika ameshasahau cha kwanza. Pembeni ya kila kitambaa niliweka karatasi nyeupe ya kawaida. Simu hujirekebishia rangi yenyewe, na mteja hana cha kulinganishia. Shangazi alipoiona karatasi karibu na krepu, akasema papo hapo, "Kumbe hii si nyeupe, ni rangi ya maziwa." Ndiyo, ni rangi ya maziwa. Heri aseme yeye kabla sijakata kuliko aseme siku ya harusi.

Kisha nikaingiza mkono nyuma ya lesi. Nilikuwa na piko vidoleni, na maua yote yakaonekana. Nikaweka bitana moja, yakafifia. Nikaongeza ya pili, yakapotea. Sikusema neno lolote. Bi harusi mwenyewe akasema, "Weka mbili, dada." Kwetu sisi swali la kama nguo inaonyesha ndilo kubwa kuliko yote, na mkono wenye piko hulijibu haraka kuliko maelezo ya dakika tano.

Hapo ndipo nilipojifunza kumshika mtu asipotee. Mteja wa mbali anachoka kwa sababu anaangalia tu, hana cha kushika. Basi nampa cha kushika. Nilimwambia achukue mtandio wake wa shifoni na nguo yake moja ya satini, aviguse, halafu nikamwambia krepu yangu ni nzito kuliko ule mtandio na haitelezi kama ile satini. Pia siulizi, "Unaona?" Atajibu "eeh" hata kama picha imeganda. Nauliza kitu chenye kuchagua: "Mkono uishie kwenye kifundo au ufike nusu ya kiganja?" Akijibu "eeh" kwa swali kama hilo, najua macho yake yako kwenye ujumbe mwingine au mtandao umekatika. Mtandao ukiwa mbovu siendelei kung'ang'ana na video. Nazima kamera, namtumia picha kwenye mazungumzo yetu, tunaitazama wote huku tunaongea kwa sauti tu.

Tulipofika kwenye vipimo ndipo nikashea skrini. Nina picha ya mchoro wa gauni wenye mishale, na naandika namba juu yake huku yeye akiona. Kupima alipimwa na dada yake, chumbani, juu ya nguo nyepesi. Mimi sihitaji kumuona mwili, kwa hiyo kamera yake ilizimwa, akawa ananisomea namba.

Kabla ya yote nilimwambia apime upande mrefu wa karatasi ya A4 kwa tepu yake. Inatakiwa isome sentimita 30 kasoro kidogo, au inchi 11 na zaidi ya nusu. Tepu za kitambaa zikizeeka hurefuka, zikaanza kudanganya. Yake ilikuwa nzima. Lakini akasoma: kifua 92, kiuno 29. Nikaandika hivyo hivyo. Alipoziona namba mbili zimekaa pamoja kwenye mchoro alishtuka mwenyewe: "Dada, hizi haziendi." Tepu ilikuwa na sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, na dada yake alikuwa ameigeuza. Kifua sentimita 92 ni kama inchi 36 na robo. Tukapima upya vyote kwa inchi. Kwa sauti tupu namba zile zingepita, na nisingejua mpaka nguo ifike.

Dada zangu, mwisho wa simu ndipo wengi tunapopoteza kazi. Tunasema, "Basi inshallah tutawasiliana," tunaagana kwa furaha, na hakuna anayejua nani anamsubiri nani. Bi harusi anaona aibu kukupigia, na wewe unaona aibu kumkumbusha pesa. Inshallah ni neno tukufu. Tuliweke juu ya tarehe inayojulikana, tusilifanye pazia la kukwepea.

Mwalimu wetu wa madrasa aliwahi kunikumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaelekeza wanaolipa kabla ya kupewa mali kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Kwa ushauri wake, nimetenganisha mambo mawili. Kitambaa, lesi na bitana mteja ananunua na kulipia vyote. Ushonaji ni ujira wangu, analipa nguo ikishakwisha na kabla haijasafiri.

Basi kabla hatujakata nikashea skrini mara ya mwisho, nikaandika mbele yao: Krepu rangi ya maziwa, mikono ya lesi, bitana mbili. Kitambaa na vyote vyake shilingi 230,000. Ushonaji shilingi 190,000. Nguo kuwa tayari wiki 2 kabla ya harusi. Nikamwomba asome kwa sauti. Shangazi akasikia, akasema bei ya kushona ni kubwa. Nikamueleza kwamba bitana ya pili ni kazi ya siku nzima ya ziada, akakubali. Ningetuma maandishi hayo baadaye, mjadala huo ungekuja nikiwa nimeshakata.

Halafu nikampa hatua moja tu: "Jumatatu kabla ya saa sita mchana, saa za Unguja, tuma pesa ya kitambaa. Jumatatu hiyo hiyo jioni nitakutumia picha ya kitambaa chenyewe na risiti. Ikipita Jumatatu, sijakata, hunidai wala sikudai." Nimegundua sentensi hiyo ya mwisho humpunguzia mtu uzito. Anajua mlango wa kuingia na wa kutokea. Akatuma Jumapili usiku.

Kuna kitu ambacho simu haikuweza. Urefu alipima na viatu alivyokuwa navyo siku ile, kisha akanunua vingine virefu zaidi. Kwa kuwa nilikuwa nimeacha inchi 2 ndani ya pindo, fundi mmoja kule Maskati aliishusha kwa saa moja. Kwa mteja wa mbali usikate pindo la mwisho wewe.

Na picha zake? Alinitumia moja ya siku ya kupamba, mashallah, amependeza. Nikaitazama, nikamuombea dua, nikaifuta. Hamtaiona hapa.

Allah atufanyie wepesi katika riziki zetu, na atujaalie tuwe waaminifu kwa wanaotuvulia mtandio. Amin.