Kabla Hujaprinti "Asante Mama" kwa Kihaya, Soma Kwanza Hii

Siku hizi zawadi bila maandishi ni kama haijakamilika. Kikombe lazima kiwe na jina, fremu iwe na ujumbe, na ukumbini nyuma ya maharusi kuwe na bango lenye neno la kabila la upande mmoja ili wazee wafurahi. Mimi sina tatizo na hilo, tena napenda sana. Ila kwa kuwa upande wa mama yangu ni Bukoba, simu yangu imegeuka ofisi ya tafsiri bila mshahara. Mtu ananiandikia usiku, "Dada, 'baba bora' kwa Kihaya inaandikwaje, fundi ananisubiri."

Katika zote nilizowahi kupokea kuna moja ambayo nadhani kila mtu anayeoa au kuolewa Kagera anatakiwa kuijua, maana kosa lake halikutokana na uzembe. Kila aliyehusika alijibu sawasawa alichoulizwa.

Ni dada mmoja wa hapa Dar, simtaji, kwao si Kagera kabisa. Mchumba wake ni wa Muleba. Siku ya kutambulishwa ukweni ilikuwa inakaribia, na alitaka kupeleka fremu kubwa ya kutundika sebuleni yenye maneno "Asanteni baba na mama", kwa Kihaya. Ilikuwa sapraizi, kwa hiyo hakutaka kumuuliza mchumba. Akamtafuta binamu wa mchumba kwenye WhatsApp. Akauliza kama ambavyo wewe na mimi tungeuliza: "Asante kwa Kihaya ni nini?" Akajibiwa, "Wakola." "Na baba yako mnasemaje?" Akajibiwa, "Sho." "Na mama yako?" Akajibiwa, "Nyoko."

Hapo yeye mwenyewe alishtuka kidogo. Akamuuliza yule kijana kama ana uhakika. Kijana akamwambia ndiyo, kwetu hilo si tusi. Na ni kweli. Basi akaunganisha, akapata "Wakola Sho na Nyoko", akanitumia mimi dizaini nzima na maua yake pembeni, eti niangalie kama rangi ya maandishi inaonekana vizuri.

Aisee, rangi sikuiona kabisa.

Ngoja nieleze, maana ukielewa hapa hutakwama tena. Kwa Kiswahili tuna neno "mama", halafu tunaongeza mwenye mama: mama yangu, mama yako, mama yake. Kihaya hakifanyi hivyo kwa wazazi. Mwenye mzazi yuko ndani ya neno lenyewe. Baba yangu ni *tata*, baba yako ni *sho*, baba yake ni *ishe*. Mama yangu ni *mawe*, mama yako ni *nyoko*, mama yake ni *nyina*. Ni maneno matatu tofauti kwa kila mzazi. Ukitaka ushahidi ulio karibu, mfikirie mtu yeyote unayemjua anayeitwa Ishengoma. Ile *ishe* ya mwanzo ni hiyo hiyo, jina linasikika kama "baba wa ngoma".

Kwa hiyo binamu hakudanganya. Aliulizwa "mama yako", akatoa "mama yako". Tatizo ni kwamba fremu haikuwa inazungumza kuhusu mama wa mtu mwingine. Ilikuwa inamwita mama aliye mbele yake. Mzee wa Muleba angeisoma ile fremu kama "Asante, baba yako na mama yako", akabaki anajiuliza huyu binti anamsalimia nani. Na huyo ndiye msomaji mpole. Wageni waliotoka Dar wangesoma neno la mwisho tu, na nyote mnajua lingesomwaje. Kwa Kiswahili cha leo neno hilo limebaki kuwa tusi la mama, ingawa asili yake ni hiyo hiyo ya "mama yako". Fremu moja, vyumba viwili vya wasomaji, na kote inaharibika.

Kulikuwa na kosa la tatu ambalo lilikuwa dogo na lingepita kimya. *Wakola* ni shukrani kwa mtu mmoja. Kwa herufi zake ni "umefanya", kutoka *okukola*, yaani kufanya au kutenda. Ukiwashukuru wawili au zaidi inakuwa *mwakola*, "mmefanya", kama sisi tunavyotofautisha asante na asanteni. Ukitaka "sana" unaongeza *muno*, ambayo ukiitazama vizuri ni ndugu wa "mno" yetu. Watu wengi wa mjini wanajua *wakola* peke yake, wanaibandika kila mahali. Hata bango la ukumbini la kuwashukuru wageni mia mbili linaandikwa *wakola*, kana kwamba mgeni ni mmoja tu na wengine wamejileta.

Basi maneno sahihi ya fremu yalikuwa: *Mwakola Tata na Mawe*.

Lakini sikumwambia aprinti. Mimi ni wa Bukoba upande wa mama, nimekulia Dar, na ukweni kwake ni Muleba. Wahaya hawazungumzi sawasawa kutoka Kiziba kule kaskazini hadi Ihangiro, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya Muleba. Maneno mengi ni yale yale, ila matamshi na baadhi ya misamiati hubadilika, na mwenye lugha anasikia mara moja kwamba hiki si cha kwetu. Nikampigia shangazi yangu Bukoba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekumbuka nini leo?"

Sikumsomea sentensi ya Kihaya na kumuuliza kama iko sawa. Ukimsomea mtu mzima kitu na kumuuliza "ni sawa?", atakwambia ni sawa ili asikuvunje moyo. Nilimsomea ile ya kwanza, yenye *sho*, nikamwomba aniambie kwa Kiswahili anaelewa nini. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huyo binti anawashukuru wakwe, au anawatumia salamu za wazazi wa mtu?" Nikamsomea ya pili. Akasema hapohapo, "Asanteni baba na mama. Hiyo imekaa." Kisha akaniongezea kitu ambacho sikukiuliza: "Lakini muulize kwanza kama pale kwao mkwe anaruhusiwa kuwaita hivyo kabla ya harusi. Kila nyumba ina yake."

Ona tofauti ya maswali hayo mawili. Tafsiri irudi kwa Kiswahili kupitia mtu ambaye hajaambiwa ulichokusudia. Ikirudi vilevile, uko salama. Ikirudi na swali, usiprinti.

Dada yule akamtafuta mtu wa pili, dada mkubwa wa mchumba aliyeko Muleba kwenyewe, akampa siri nusu. Yeye akathibitisha maneno, akasema wazazi wake watafurahi kuitwa hivyo, ila akabadilisha tahajia. Kwao wanapenda kuandika *Taata* na *Maawe*, kwa sababu irabu inavutwa. Kihaya kina irabu fupi na ndefu, kina pia toni za juu na chini, na toni hazionekani kwenye maandishi ya kawaida. Ndiyo maana utakuta neno moja limeandikwa namna mbili katika familia mbili, na hata l na r hubadilishana nafasi, mmoja anaandika Luhaya na mwingine Ruhaya. Hapo usibishane. Fremu inatundikwa kwao, basi andika kama wanavyoandika wao.

Na kuna sababu nyingine ya kukubali irabu mbili. Jaribu kuisoma *Mawe* kwa macho ya mtu wa Kiswahili. Ni mawe ya kujengea. *Tata* nayo ni jambo lililojisokota. Ukiandika *Maawe*, jirani wa Dar anaona mara moja kwamba hili ni neno la lugha nyingine, anauliza maana badala ya kucheka. Hili la kusomwa na Mswahili watu hulisahau kabisa, hasa wenye biashara. Kihaya kinaita kahawa *amwani*. Sasa weka "Mwani wa Bukoba" kwenye pakiti nzuri, ipeleke Zanzibar, ambako mwani ni ule unaolimwa baharini, uone kama kuna atakayechemsha maji.

Ukitaka kuhakiki neno mojamoja bila kumsumbua shangazi wa mtu, ipo *Kamusi ya Ruhaya-Kiingereza-Kiswahili* ya Henry Muzale, iliyotolewa 2006 kupitia mradi wa lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni nzuri kwa neno. Ila kamusi haijui nani anamwambia nani, na kama ulivyoona, hapo ndipo fremu yetu ilipokuwa inaanguka. Wengine wanakimbilia Luganda au Kinyankole kwa sababu ni majirani na vinapatikana kirahisi mtandaoni. Unapata *webale*, inasikika vizuri, ila mkwe wako wa Muleba anajua kabisa imevuka mpaka.

Kwa hiyo ukimuuliza mtu, usimuulize neno. Mpe tukio zima: "Mimi ni mkamwana mtarajiwa, nasimama mbele ya baba na mama wa mchumba wangu, wote wawili, nataka kusema asanteni. Nasemaje?" Omba akutumie kwa sauti pia, si maandishi tu. Yule binamu angeulizwa hivyo, angejibu sahihi mara ya kwanza, kwa sababu angesikia kichwani anayesema ni nani.

Bado kulikuwa na hatua ya fundi. Dada alituma maneno kwa simu, na simu, kwa kujua sana Kiswahili, ikageuza *Taata* kuwa "Taarifa". Fundi hajui Kihaya, angeprinti Taarifa na roho safi. Aliokolewa na picha ya sampuli, ambayo aliisoma herufi kwa herufi kutoka mwisho kwenda mwanzo, ili macho yasiteleze. Fanya hivyo hasa kwa vikombe. Wino ukishaingia kwa joto la mashine, ambalo linakaribia nyuzi 200, hakuna kufuta. Kinachobaki ni kununua kikombe kingine.

Tanzania nzima ilicheza Kihaya cha Saida Karoli mwanzoni mwa miaka ya 2000, na 2016 Diamond na Rayvanny wakaturudisha pale pale na "Salome". Wengi wetu hatukuelewa hata nusu ya wimbo na hakuna aliyeumia. Kwenye dansi maneno yanapita na usiku. Ile fremu ya Muleba iko ukutani, na mama mkwe anamsomea kila mgeni anayeingia.