Kiti cha Aliyekosa

Tulipoanza kikundi cha wanaoacha pombe katika usharika wetu, juu huku ya Soni, tulikuwa watu kumi na mmoja. Wiki ya sita tulibaki watatu, na kati ya hao watatu wawili hatukuwahi kuonja pombe maishani. Tulikaa kwenye viti vile, tukatazamana, tukaimba wimbo mmoja, tukafunga.

Kosa halikuwa la wale wanane waliotukimbia. Tulikuwa tukikutana Jumapili baada ya ibada, kwenye chumba kinachotazamana na geti la kanisa, kwaya ikiwa bado nje. Aliyeingia mle alionekana na usharika mzima. Kisha mzee mmoja wa kanisa alifungua kwa neno la dakika 40, na baada ya neno tuliuliza: nani amekunywa wiki hii, anyooshe mkono. Aliyekunywa alikuwa na njia mbili tu, kudanganya mbele ya Mungu au kutokuja. Wengi wakachagua kutokuja, na kusema kweli hiyo ndiyo iliyokuwa na heshima zaidi.

Lipo na jambo jingine lililokuwa baya kuliko hilo. Katika wiki zile za mwanzo alikuja baba mmoja aliyekuwa akinywa gongo kila siku, tangu alfajiri. Tulimwombea, akaahidi kuacha siku ileile, nasi tukashangilia. Kesho yake jioni alianguka nyumbani kwake, akakakamaa, povu likamtoka mdomoni. Majirani walisema ni pepo. Sisi tuliofika tulianza kukemea, mpaka binti yake akatuuliza kwa ukali kama tunangoja afe ndipo tutafute pikipiki. Alifikishwa hospitali, akapona, na daktari ndiye aliyetufundisha kile ambacho tulipaswa kukijua kabla ya kumwambia mtu yeyote aache.

Mwili uliozoea kupata pombe nyingi kila siku huwa umejipanga kuishi nayo. Ikikatwa ghafla, saa 6 hadi 24 baadaye mikono huanza kutetemeka, jasho hutoka, moyo huenda mbio, usingizi hukataa. Ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu au watu wasiokuwepo, na hapo kifo kipo karibu. Zipo dawa za kumvusha mgonjwa katika siku hizo, pamoja na vitamini ambayo walevi wengi wamepungukiwa, lakini vyote hutolewa na mganga anayemwona. Watu wa milima hii tunaijua hospitali ya Lutindi kwa wagonjwa wa akili, tangu enzi za babu zetu. Hatukujua kwamba na mlevi anayeacha anaweza kuwa mgonjwa wa kulazwa.

Kwa hiyo sasa anayekuja mara ya kwanza haketi moja kwa moja kwenye duara. Mmoja wetu humchukua pembeni na kumwuliza mambo matatu. Je, unakunywa asubuhi kabla ya kula? Je, mikono hutetemeka mpaka upate? Je, umewahi kuanguka au kuona vitu ulipokosa? Akijibu ndiyo hata kwa moja, tunapanga naye siku ya kwenda hospitali, na mtu wa kumsindikiza. Na tunamwambia waziwazi asikate ghafla kabla ya kuonana na mganga. Baadhi ya wazee wetu waliona ni aibu kikundi cha kanisa kumwambia mtu asiache leo. Tuliwasimulia habari ya yule baba, wakanyamaza.

Tulihamia Jumatano, saa kumi na moja jioni, katika chumba cha cherehani nyuma ya shule ya chekechea, mahali ambapo mtu anaweza kuwa anaingia kwa shida yoyote. Saa hiyo watu wametoka shamba, na tukifunga saa kumi na mbili kamili wanaotoka bondeni wanawahi kabla ukungu haujafunga njia, hasa Juni na Julai. Tunaanza saa ileile hata tukiwa wawili. Zamani tulingoja watu wafike, na waliowahi wakajifunza kuchelewa.

Hatuhubiri tena mle ndani, na hili lilitugharimu mabishano. Lakini huku kwetu nyumba moja ina Mkristo na Mwislamu, na ulevi hauulizi dini. Majirani Waislamu walipoanza kuja, tuliona kufungua kwa dakika moja ya kimya, kila mmoja akimwomba Mungu moyoni mwake, kunatosha. Mahubiri yapo Jumapili.

Baada ya kimya, kila mtu anapata dakika tano, kwa saa ya ukutani. Anaongea juu yake mwenyewe tu. Hakuna anayemjibu, hakuna anayemshauri, hata kama ushauri unatuwasha ulimi. Swali hatuulizi tena kama amekunywa. Tunauliza: wiki hii ilikuwa ngumu siku gani, saa ngapi, na ulifanya nini? Swali hilo linaweza kujibiwa na aliyekunywa na asiyekunywa bila mmoja kukaa juu ya mwenzake. Kisha duara linazunguka mara ya pili kwa kifupi: wiki ijayo ni saa gani inayokutisha, na nani atakuwa nawe saa hiyo?

Tumweleze kijana mmoja, kwa ruhusa yake na bila jina. Kazi yake ni kupakia kabichi na karoti kwenye malori yanayokwenda Dar es Salaam. Wiki tatu mfululizo alisema saa yake ngumu ni Jumamosi alasiri. Tulipomsikiliza vizuri tukaona si Jumamosi nzima, bali ni dakika kama ishirini: kuanzia anapolipwa kibarua hadi anapokipita kibanda cha pombe ya miwa, ambacho kipo hatua chache kutoka lori linapoegeshwa. Akipita pale na fedha mkononi, amekwisha. Akishafika njia ya kwao, kiu inapungua yenyewe. Basi mwanakikundi mmoja mwenye duka karibu na pale alikubali kumfuata Jumamosi, wakatembea pamoja mpaka njia panda, wakizungumza habari za mpira. Ni hivyo tu. Alikaa majuma kumi na moja bila kunywa.

Jumatano ya kumi na mbili kiti chake kilikuwa kitupu.

Hapa ndipo tulipokuwa tukiwapoteza watu. Anayekosa mara nyingi ndiye aliyekunywa, na kila siku inayopita aibu inakua, mpaka mlango wa chumba cha cherehani unakuwa mzito kuliko wa gereza. Tulikuwa tukisema, tumwachie nafasi, atarudi mwenyewe. Hakurudi mtu. Mchungaji wa kondoo mia katika mfano wa Bwana hakukaa zizini akingoja.

Sasa akikosa mtu bila taarifa, kabla ya keshokutwa jioni wawili wetu wanakwenda kwake. Mwanamume hufuatwa na wanaume, mwanamke na wanawake. Haendi mchungaji wala mzee wa kanisa, kwa sababu wakionekana wao mlangoni majirani wanajua kuna kesi. Wawili hao hawaulizi alikuwa wapi. Wanasema, tulikuona hukufika, Jumatano tunakupitia saa kumi na nusu. Akiwa amelewa wanasalimia familia na kurudi kesho yake asubuhi. Mlevi akibishaniwa hukumbuka matusi tu.

Na mmoja wa hao wawili lazima awe mgeni katika kuacha. Sababu yake ni ya zamani. Mwezi Mei 1935 mfanyabiashara Mmarekani aitwaye Bill Wilson, aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alikuwa peke yake hotelini katika mji wa Akron, biashara yake imeharibika, na baa ipo palepale. Alipiga simu kwa wachungaji wa mji ule akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Aliunganishwa na daktari Bob Smith, wakaongea kwa saa nyingi, na kutoka kwao vikazaliwa vikundi vya Alcoholics Anonymous. Wilson hakumtafuta mwenzake kwanza ili amwokoe. Alimtafuta ili yeye mwenyewe asinywe jioni ile. Aliyeenda kumfuata kijana wetu wa kabichi alikuwa na majuma matano tu bila pombe, na alituambia baadaye kwamba wiki ile asingevuka kama asingekuwa na safari hiyo.

Kijana alikuwa amekunywa msibani, usiku wa matanga ya mjomba wake. Alirudi akatuambia amepoteza kila kitu, ameanza sifuri. Tulikubali ahesabu siku upya, maana ndivyo anavyotaka, lakini zile siku 77 tulizomhesabia hatukuzifuta. Tulimwuliza tu ni saa ngapi usiku ule. Akasema saa nane, wanaume walipobaki nje penye moto. Tangu hapo msiba ukitokea kwa mmoja wetu, mwingine anakwenda naye na wanaondoka pamoja kabla ya saa nne usiku.

Mambo mawili yalikaribia kuvunja kikundi hata baada ya hayo. La kwanza ni fedha. Tulianzisha mfuko wa kuweka akiba shilingi 2,000 kwa wiki na kukopeshana. Ndani ya miezi minne waliokunywa walikuwa pia wadaiwa, na mdaiwa hafuatwi nyumbani bila kudhani umekuja kudai. Tukaufunga, tukarudisha fedha. Chai na sukari vinatoka usharikani.

La pili ni siri. Aliyekuwa na jukumu kanisani aliogopa kwamba akisema kweli atawekwa chini ya nidhamu ya kanisa. Tulikwenda kwa baraza la wazee na kuomba kwamba lisemwalo mle ndani lisitumike kwenye kikao chao, na kwamba mzee wa kanisa akiingia aingie kwa sababu naye anaacha. Walitukatalia mara mbili. Mara ya tatu walikubali, na Jumatano iliyofuata alikuja mmoja wa wale waliokuwa wamekataa, akaketi karibu na mlango, akasema dakika tano zake.

Wiki iliyopita tulikuwa tisa. Kiti cha kumi ni cha mama mmoja anayeuza viazi, aliyekuwa nasi tangu Pasaka. Tulifunga saa kumi na mbili, na akina mama wawili, mmoja ana wiki tatu tu, wakachukua tochi na kushika njia ya bondeni.