Simu Kabla ya Jua Kuzama

Mwenyeji wangu alikuwa jikoni, mkono mmoja ukikoroga supu ya kuku, mwingine umeshika simu. Ilikuwa saa nane mchana mjini Yerusalemu, na jua likizama Yom Kippur ingeanza, ile siku ambayo Biblia zetu za Kiswahili huiita Siku ya Upatanisho. Nilikuwa nimekwenda huko kwa mafunzo ya wanahabari, nikapanga chumba kwa mama huyo, mwalimu mstaafu. Tangu asubuhi alikuwa amepiga simu kama kumi hivi. Nilidhani anaalika watu. Kumbe anaomba msamaha.

Kiebrania sikijui, nikamwomba anitafsirie. Simu ya mwisho ilikuwa ya mdogo wake. Alimwambia: "Siku ya mazishi nilisema mbele za watu kwamba hukumtunza mama. Haikuwa kweli, na nilijua si kweli."

Nikamuuliza kwa nini asiseme tu "kama nimekukosea, nisamehe", kama tunavyotumiana sisi Ramadhani ikikaribia au mwaka ukiisha. Akacheka. Alisema hata wao siku hizi wana ujumbe wa namna hiyo, mtu anauandika mara moja na kuwatumia watu mia mbili. "Lakini hiyo 'kama' haiombi kitu," akasema. Desturi yao ni kulitaja kosa lenyewe, isipokuwa pale ambapo kulitaja kutamwaibisha upya yule uliyemkosea.

Jioni mji ulinyamaza. Magari yalitoweka barabarani, na watoto wakazijaza kwa baiskeli. Redio na televisheni zilizimwa. Kwa saa 25 hivi, tangu kabla ya jua kuzama hadi nyota kuonekana usiku wa pili, anayefunga hali wala hanywi, hata maji. Haogi kwa kujiburudisha, hajipaki mafuta, havai viatu vya ngozi, na mume na mke hawakutani. Mama yule, na hadhi yake yote, alikwenda sinagogi amevaa gauni jeupe na raba za kitambaa. Ila mgonjwa aliye hatarini hula, na kwake kula ndiyo sheria. Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200, inasema analishwa kwa neno la wataalamu, na wasipokuwepo, kwa neno lake mwenyewe.

Ndani ya sinagogi nilimwona akijigonga kifua kwa ngumi, taratibu, kila dhambi ilipotajwa. Orodha hiyo husomwa kwa wingi: tumefanya hivi, tumefanya vile. Hakuna anayesema "nime-". Aibu inagawanywa. Alininong'oneza kwamba dhambi nyingi katika orodha ndefu ni za mdomo, na mimi, mtu ninayekula kwa maneno, nikatazama chini.

Nilichotaka kuelewa ni hiki: kama siku nzima watu wanamwomba Mungu, zile simu za jikoni zilikuwa za nini? Jibu limo katika Mishna hiyohiyo. Makosa kati ya mtu na Mungu, siku hii huyafuta. Makosa kati ya mtu na mwenzake haiyafuti mpaka kwanza amridhishe mwenzake. Ufunge, ulie, ujigonge kifua mpaka uvimbe, hilo deni Mungu hakulipii. Maimonides, mwanasheria wa karne ya 12, anaongeza kwamba hata mwizi aliyerudisha fedha yote bado ana kazi ya kumridhisha aliyeibiwa. Akikataliwa, achukue marafiki watatu waende pamoja. Akikataliwa tena, aende mara ya pili, na ya tatu. Baada ya hapo amwache, na dhambi inabaki kwa aliyekataa kusamehe.

Niliipenda hesabu hiyo kwa sababu ilinipa njia ya kutokea. Maana nilikuwa na wangu.

Miaka michache kabla ya safari hiyo niliandika kwamba mweka hazina wa chama kimoja cha akiba na mikopo, mzee mmoja wa mji mdogo huko kwetu, amekula fedha za wanachama. Nilikuwa na nyaraka. Nilimpigia simu mara moja, hakupokea, nikaandika ile sentensi yetu maarufu: hakupatikana kuzungumzia suala hili. Kumbe fedha zilikuwa zimehamishiwa akaunti nyingine ya chama kilekile, kwa idhini ya kamati. Habari yangu ilitoka na picha yake. Masahihisho yalitoka mistari mitatu, ukurasa wa ndani. Wakati huo alikuwa ameshajiuzulu.

Nilimtumia ujumbe. Ulikuwa na "kama" ndani yake. Hakujibu. Nikaenda dukani kwake, siku ya soko, watu wamejaa, nikaanza kujieleza. Akanisikiliza huku anapima sukari, kisha akauliza: "Kijana, umekuja kunisaidia mimi au kujisaidia wewe?" Nikaondoka nimeudhika. Ndiyo, nimeudhika mimi.

Niliporudi kutoka Yerusalemu nilitafuta tafsiri ya Talmudi, na humo nikakutana na kisa cha Rav, mwalimu mkubwa wa Babeli wa karne ya 3. Mchinjaji mmoja alikuwa amemkosea, na mkesha wa Yom Kippur hakuja kuomba radhi. Rav akasema, basi nitakwenda mimi nimpatanishe. Mwanafunzi wake akakutana naye njiani, akasema moyoni: mwalimu anakwenda kuua mtu. Mchinjaji alikuwa amekaa anapasua kichwa cha mnyama. Alipomwona Rav akamfukuza. Papo hapo mfupa ukaruka kutoka kwenye kile kichwa, ukampiga, akafa. Nilikisoma mara tatu. Rav alikuwa na haki yote upande wake, na bado kufika kwake mlangoni kulikuwa shambulio.

Kisa kingine cha Rav kiko jirani na hicho, na hapo mkosaji ni yeye. Alimuudhi mwalimu mwenzake, Rabi Hanina, kwa kukataa kurudia somo kutoka mwanzo alipoingia akiwa amechelewa. Akaenda kumwomba radhi kila mkesha wa Yom Kippur, miaka 13. Hanina hakukubali. Talmudi yenyewe inashtuka: si tulisema mara tatu zinatosha? Inajibu kwa ufupi tu, Rav ni tofauti. Yaani tatu ni kiwango cha sheria, na mtu anaweza kujidai zaidi ya hapo.

Halafu nikakuta sharti lililonifungia ile njia ya kutokea. Rabi Moshe Isserles wa Krakow, karne ya 16, anaandika kwamba aliyechafuliwa jina kwa uongo halazimiki kusamehe. Wafafanuzi wanatoa sababu ambayo mwanahabari yeyote anaijua: aliyesikia uongo huenda asisikie masahihisho. Kwa hiyo hata ningekwenda mara tatu na marafiki tisa, dhambi isingehamia kwa mzee. Ingebaki kwangu.

Sikurudi dukani. Nilimwandikia mwenyekiti wa chama, nikaomba dakika tano katika mkutano mkuu wa mwaka, na nikamwomba amuulize mzee kwanza kama anaridhia. Aliridhia. Nikasimama mbele ya wanachama, nikasema nilichoandika, kwamba hakikuwa kweli, na kwamba nilipiga simu mara moja tu. Neno "kama" sikulitumia. Sikuomba msamaha pale, kwa sababu ningemlazimisha kunijibu hadharani.

Wakati wa chai alinipita akiwa na kikombe chake. "Nimesikia," akasema, akaenda kukaa na wenzake.

Mpaka leo sijapata neno jingine kutoka kwake. Sheria inasema hanidai jibu wala mimi simdai.