Kichwa cha Video Kilichomfikisha Mtu Shuleni kwa Mpwa Wangu Nilikiandika Mimi

Hii stori nimekaa nayo karibu mwaka mzima, na leo naitoa kwa ruhusa ya mwenye mtoto.

Dada yangu mnamjua. Ni mchekeshaji, mmemcheka sana, na wengine mmeshapiga naye picha. Simtaji, na naomba hata ukishamjua njiani usimwandike kwenye komenti. Utaona kwa nini.

Dada alikuwa Dar kwenye mishe zake, mtoto wake yuko Chita kwa bibi. Kama hupajui, ukitoka Ifakara unafuata barabara ya Mlimba, milima ya Udzungwa iko upande mmoja, mpunga upande mwingine, na reli ya TAZARA inapita humo humo. Nataja Chita kwa sababu mtoto hayupo tena kule. Angekuwepo, nisingetaja.

Mimi ndiye nilikuwa mtu wa kamera. Nilikuwa narekodi bibi na mjukuu: mara wanabishana kuhusu hesabu, mara bibi anafundishwa kucheza. Dada anaangua kicheko, ananiambia, "Mdogo wangu, pandisha hiyo." Napandisha. Na vichwa vya video vyote vilikuwa vyangu.

Nilikuwa nimeiga kwa mastaa. Si mnawaona? Mtoto hajazaliwa tayari ana akaunti yenye jina lake. Ila nilisahau kitu kimoja: staa ana ukuta, geti na mlinzi. Bibi yetu ana mlango wa mbao na komeo.

Mwezi wa sita, wakati wa mavuno, bibi yuko uani anapepeta mpunga, simu yangu ikaita. Mwalimu wa zamu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi anaendeleaje?" Nikashangaa. Nikamwambia bibi mzima, namwona hapa.

Mwalimu akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kuna jamaa kaja na bodaboda, amesema bibi kaanguka na mama wa mtoto kamtuma kutoka Dar amchukue. Alitaja jina la mtoto na la baba yake. Alijua ni darasa la pili. Alijua bibi anaitwaje kwa jina la utani. Alijua hata nyumba iko upande gani wa stesheni.

Mwalimu aliporudi nje baada ya kuongea na mimi, jamaa hayupo. Tulitoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi. Mpaka leo hatujui alikuwa nani wala alitaka nini. Pengine alikuwa shabiki asiye na akili nzuri. Pengine alitaka hela kwa dada. Sijui, na sitajifanya najua.

Usiku ule sikulala. Nikachukua daftari, nikaingia kwenye YouTube kwa simu ya jirani, kama mtu ambaye hatujui kabisa. Nikajiwekea sharti: sitazami video yoyote, nasoma maandishi tu. Kichwa, maelezo ya chini, hashtegi, basi.

Video ya kwanza, kichwa kilikuwa na jina la mtoto, jina la baba, jina la shule na neno Chita. Yote kwenye mstari mmoja, niliyaweka mwenyewe. Video ya tatu, kwenye kapsheni: "Nyumbani kwetu nyuma ya stesheni." Nyingine: "Saa nane hiyo, tunarudi zetu shule kama kila siku." Nyingine ilikuwa na hashtegi ya jina la shule pamoja na rangi ya sweta lao, eti niliona inapendeza. Jina la utani la bibi lilikuwa jina la orodha nzima ya video.

Dakika kumi na moja. Daftari langu lilikuwa na jina, darasa, shule, sare, nyumba na saa ya kutoka. Ukikitazama kimoja kimoja, hakuna kibaya. Ukivipanga, ni barua yenye anwani kamili.

Hapa kuna jambo ambalo watu wa mjini hamlioni. Wewe wa Dar ukiandika "Mbagala", umesema kitu? Mbagala ina watu wengi, mtu atamtafuta mtoto wako mpaka achoke. Sisi wa vijijini tukiandika jina la kijiji na jina la mtoto, tumemaliza. Ukishuka kwenye gari unamuuliza bodaboda wa kwanza, "Nyumbani kwa bibi fulani wapi?" Anakupakia, na nauli anakupunguzia kwa sababu anajua ni mgeni wa watu. Kwetu ule ukarimu ndio ramani.

Sare nayo ni hivyo hivyo. Shati jeupe na bluu iliyokolea ziko kwenye shule nyingi za serikali, peke yake haisemi sana. Kinachosema ni rangi ya sweta, nembo mfukoni, maandishi mgongoni. Na hata ukiziba nembo kwenye video, kama kapsheni inasema "na sare yetu ya shule fulani", umefunika sufuria ukaacha chakula nje.

Asubuhi nikaanza kufuta. Zilikuwa video 74. Kwenye YouTube Studio unafungua video, unaingia Details, unabadili kichwa na maelezo. Kisha wengi wanaishia hapo. Shuka chini, bonyeza Show more, utakuta Tags na Video location. Zile tegi mtazamaji wa kawaida hazioni usoni, lakini zipo kwenye msimbo wa ukurasa, na anayejua kuangalia anazisoma. Mimi nilikuta jina la mtoto limo kwenye tegi za karibu kila video, hata zile ambazo kichwa chake kilikuwa safi. Kumbuka pia majina ya orodha za video na maandishi uliyobandika juu ya picha ya mbele. Hayo huwezi kuyarekebisha kwa kubadili kichwa. Lazima uweke picha nyingine.

Instagram ni rahisi, unaenda Edit, unabadili kapsheni na unatoa eneo. Facebook ndiyo ilinifundisha adabu. Nilirekebisha posti nikajiona mjanja, kumbe ina historia ya marekebisho. Mtu anabonyeza anaona ulichoandika mwanzo. Kule dawa ni kufuta posti yote na kupandisha upya.

Na kuna vitu havifutiki. Linki uliyotuma kwenye grupu la ukoo WhatsApp inabaki na kichwa cha zamani, kwa sababu kile kipande cha muhtasari kilitengenezwa siku uliyotuma. Google inaweza kuendelea kuonyesha kichwa cha zamani hadi ipitie tena ukurasa. Kurasa za udaku zilizochukua video yetu na kuipandisha na kichwa chetu, nilizifuata moja moja inbox. Nyingine zilibadili, nyingine zilinijibu "tulia bro". Kwa hiyo usafi wa leo hauoshi jana yote. Unapunguza tu.

Mlango wa mwisho ulikuwa komenti. Unaandika "bibi na mjukuu", vizuri, kisha shangazi kutoka Ifakara anakuja na upendo wake wote: "Jamani jina lake kamili, umekua! Shule hiyo bado mwalimu mkuu ni yule yule?" Niliongea na ndugu mmoja mmoja kwa simu, maana ukiwajibu hadharani unakuwa umethibitisha. Kwenye mipangilio ya YouTube kuna sehemu ya maneno yaliyozuiwa, Blocked words. Nikaweka jina la mtoto, la baba yake, la shule na la kitongoji, kila moja na namna zake za kukosea herufi. Komenti yenye neno hilo inashikiliwa mpaka niione.

Dada aliniuliza swali ambalo na wewe unalo kichwani: watazamaji je? Si jina ndilo wanalotafuta? Tukakaa tukaangalia. Watu walikuwa wanatafuta bibi anayebishana na mjukuu. Kile kichwa cha zamani chenye jina na shule tulikibadili kuwa "Bibi akipigwa swali la hesabu na mjukuu wake". Siku za mwanzo tulishuka kidogo, hasa wale wa kwetu waliokuwa wanaandika Chita. Baadaye ikarudi. Na wale wa kwetu tuliowapoteza, ukweli ndio hasa waliokuwa na uwezo wa kufika mlangoni.

Sasa tuna utaratibu mdogo. Mtoto ana jina la kamera, ambalo nyumbani hakuna anayemwita. Hilo ni muhimu, maana ukiweka lile la nyumbani, mgeni akimwita nalo barabarani mtoto anageuka na kucheka. Sasa mtu akimwita kwa jina la kamera, anajua huyu katujulia kwenye simu. Mahali tunaandika "nyumbani" au "shambani", tusivuke hapo. Darasa hatutaji. Video ya safari inapanda tukisharudi. Na shuleni tumeacha majina ya watu watatu tu wanaoweza kumchukua.

Kwa wanaopenda sheria, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini mimi sikuhitaji sheria. Nilihitaji daftari.

Kitu kimoja ndicho kilinifanya niandike leo. Wiki ile ile, mpwa wangu alinifuata nikiwa nafuta video, akakaa pembeni. Akaniuliza, "Anko, yule mtu alijuaje jina langu?"

Nilitaka kumwambia sijui. Nikamwambia ukweli: "Mimi ndiye nilimwambia."

Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Basi usimwambie tena."

Chukua simu ya mtu mwingine leo, tafuta akaunti yako, soma maandishi tu. Ukifika dakika kumi, niambie hapo chini umejikuta na vitu vingapi. Vitaje kwa idadi tu, jamani. Majina bakini nayo.