Herufi Zilizomezwa na Mgongo wa Kitabu

Kitabu kinene kikifunguliwa hakilali sawasawa. Karatasi huinuka kidogo, kisha hutumbukia kwenye mgongo, pale kurasa ziliposhonwa. Ukikipiga picha kwa simu ukiwa umesimama juu yake, mistari hutoka imepinda: ya juu hushuka ikikaribia mgongo, ya chini hupanda, ya katikati hubaki karibu imenyooka. Herufi za kule ndani ziko mbali zaidi na lenzi na zimelala kwa mshazari, kwa hiyo huonekana ndogo na zimebanana. "Ninaomba" huweza kusomeka "mnaomba", maana n na i zikisongana hufanana na m, na nukta ya i imezama kivulini.

Ukurasa wa kushoto hupoteza miisho ya mistari. Hapo kistari cha kukatia neno kikifichika, "wanachama" wanageuka kuwa watu ambao "wana chama". Ukurasa wa kulia hupoteza mianzo, na huo ndio ninaouogopa zaidi. Kiswahili huweka mwanzoni mwa kitenzi mambo mazito: nani anatenda, lini, na kama anatenda au hatendi.

Shangazi yangu aliwahi kunitumia picha za kitabu cha kanuni za chama cha ushirika alichokuwamo marehemu mumewe. Kitabu kilikuwa ofisini na hakikuruhusiwa kutoka. "Mwanangu, wameandika tutalipwa," aliniambia, na sauti yake ilikuwa na nafuu ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Kwenye ukurasa wa kulia, mstari mmoja uliishia kwa "Mwana-". Mistari iliyofuata ilionekana hivi:

ama akifariki, warithi wake
watalipwa hisa na fe-
a za akiba kabla ya kuleta

na uliofuata ulizungumzia hati ya mahakama.

Sentensi inasomeka bila kikwazo: warithi watalipwa kabla ya kuleta hati. Nami nilitamani iwe hivyo. Neno lililovunjika hujitangaza lenyewe, nawe unasimama kulitafuta. Neno lililokatwa likabaki na maana kamili halikushtui, hasa likisema unachokitaka. Ndiyo maana siku hizi nikikutana na mstari unaonifurahisha karibu na mgongo wa kitabu, huusoma polepole kuliko ule nisiouelewa.

Ushahidi ulikuwa kwenye mistari ya jirani. "Mwana-" ikifuatiwa na "ama" haiwezi kuwa kingine hapo ila "mwanachama", basi mstari ule umepoteza c na h. "Fe-" ikifuatiwa na "a" ni "fedha", basi mstari wa tatu umepoteza d na h. Wa juu umepungua herufi mbili, wa chini herufi mbili. Wa katikati, ulio kwenye mkunjo uleule, utakuwaje umesalimika? Mstari uliotangulia ulimalizika kwa "wake", neno zima lisilo na kistari, kwa hiyo wenyewe haukuweza kutuambia lolote. Lakini nafasi ya herufi mbili mbele ya "watalipwa" inaenewa vizuri na "ha".

Kipimo hiki kinafaa kwa mistari iliyokaribiana tu, kwa kuwa simu ikiinama kidogo, kinachofichwa juu ya ukurasa hakilingani na kinachofichwa chini. Programu za kunyoosha picha nazo hunyoosha kilichoonekana. Herufi iliyofunikwa na karatasi haziwezi kuirudisha.

Kwa hiyo sikumwambia shangazi neno hadi nipate picha nyingine. Nilimwomba aache ukurasa wa kulia ulale mezani na ainue ule wa kushoto kama mlango ulio nusu wazi, bila kukandamiza, maana mgongo wa kitabu cha zamani hupasuka. Mwanga utoke upande wa juu wa kitabu, uingie kwa kufuata mgongo. Simu ielekee ukurasa mmoja tu, iwe mbali kidogo, kisha avute picha karibu.

Picha ya pili ilionyesha "hawatalipwa". Nilimpigia badala ya kumwandikia. Alinyamaza, akauliza, "Kwa hiyo tuanze na mahakama?" Nikamjibu, "Ndiyo, shangazi. Hati kwanza, malipo baadaye."

Nilimnakilia kanuni ile mstari kwa mstari, kila neno likikatwa pale lilipokatwa kitabuni, ili anayetaka kulinganisha aweze. Mstari mmoja wa chini ulikuwa bado umefichika, na herufi nilizozikisia hapo nilizitia katika mabano ya mraba. Nilimweleza kwamba yaliyomo ndani ya mabano ni yangu, si ya chama, na kabla hajayategemea amwombe karani amsomee hapo hapo kwenye kitabu.