Mkono wa Furaha

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu saa mbili asubuhi, kutoka kwa mratibu wetu wa Kigoma: "Furaha kaanguka na pikipiki jana akitoka Kasulu. Kavunjika mkono. Anaomba kujua bima yake italipwa lini." Nilikuwa ofisini Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuchukua habari za mikoani zinazokuja kwa Kiswahili na kuziandika kwa Kiingereza kwa watu wa nje: wafadhili, wakaguzi wa hesabu, na siku ile wakala wa bima aliyekuwa Nairobi. Nilimwandikia palepale, kwa haraka ya mtu anayedhani anasaidia:

"Furaha fell off his motorcycle yesterday. He has broken his arm and he would like to know when his claim will be paid."

Sikuwahi kuonana na Furaha. Nilikuwa namjua kwa jina tu, kwenye orodha ya maofisa ugani wetu. Nilituma barua pepe ile, nikaendelea na kazi nyingine.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Wakala aliuliza kwa adabu kama aliyeumia ndiye aliyekatiwa bima, kwa sababu kwenye kumbukumbu zao Furaha ni mwanamke, na barua yangu inamtaja mwanamume. Mpaka wathibitishe, faili litasimama. Nilimpigia mratibu simu nikamuuliza Furaha ni bwana au bibi. Akashangaa: "Ni dada. Kwani vipi?" Ikabidi itumwe nakala ya kitambulisho kutoka Kasulu, na barua ya maelezo kutoka kwetu. Zilipita wiki kadhaa kabla faili halijaanza kutembea tena. Siku zote hizo Furaha alikuwa na plasta mkononi, na deni la pesa aliyokopa kulipia eksirei na plasta hiyo.

Jioni moja niliziweka barua mbili pamoja, ule ujumbe wa mratibu na ile ya kwangu, nikazisoma neno kwa neno. Kwenye Kiswahili cha mratibu kuna kaanguka, kavunjika, anaomba, na bima yake. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema Furaha ni mwanamume au mwanamke. Kwenye Kiingereza changu, he na his zimetokea mara tano. Maana yake katika sentensi mbili nilimthibitishia mgeni mara tano jambo ambalo sikuambiwa hata mara moja, na sikuhisi kwamba nimeongeza kitu. Nilidhani natafsiri tu.

Hapo ndipo nilipoelewa shida iko wapi. Kiswahili hakituulizi swali la jinsia tunapomtaja mtu. Kiambishi a- kinambeba babu na bibi, kinambeba mgonjwa na muuguzi, na tunaweza kuzungumza habari za mtu mchana kutwa bila jinsia yake kuhitajika. Kiingereza kinauliza mapema, pale unapotaka kumtaja mtu kwa mara ya pili. Kwa kuwa lugha yetu haikutuzoesha kuulizwa, tunajibu bila kujua kwamba tumeulizwa. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika he akimzungumzia mama yake mzazi. Anamjua vizuri kabisa, ila kichwani mwake kuna a- moja tu, na mkono unaandika neno la kwanza linalokuja.

Kwa Furaha kulikuwa na kosa la pili, la kukisia kutokana na jina. Kuna majina yetu mengi wanayopewa watoto wa kiume na wa kike: Furaha, Amani, Imani, Bahati, Tumaini, Zawadi. Majina ya nje nayo yana mitego. Andrea wa Italia kwa kawaida ni mwanamume, na Andrea wa Ujerumani ni mwanamke. Jean wa Ufaransa ni mwanamume, Jean wa Uingereza ni mwanamke. Mimi nilisikia pikipiki na barabara ya Kasulu, nikaona mwanamume. Jina halikuniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe.

Baada ya hapo nilijaribu kuiandika upya barua ile kana kwamba bado sijui Furaha ni nani. Niligundua kwamba Kiswahili chenyewe kilikuwa kimenionyesha njia. Mratibu alisema "kavunjika mkono". Hakusema mkono wake, maana mtu havunjiki mkono wa mwingine. Mimi nilipofika kwenye Kiingereza ndipo nilipoanza kumilikisha kila kitu: his motorcycle, his arm, his claim. Nilipoondoa umiliki huo na kuweka a au the, barua ilikaa hivi:

"Furaha, our field officer in Kasulu, had a motorcycle accident yesterday and has a broken arm. Please let us know when the claim will be paid."

Hakuna he, hakuna she, wala msomaji haoni pengo lolote. Kwanza nilitaja jina mara moja na kulifuatisha na kazi ya mtu, kwa hiyo wakala angejua ni Furaha yupi kwenye orodha yake. Kisha nikaunganisha sentensi kwa and, ili mtajwa asihitaji kutajwa tena. Mwisho, badala ya kusema Furaha anaomba kujua, niliomba mimi kwa niaba ya ofisi. Hayo matatu yanatosha kwa barua nyingi za kazi, kwa sababu barua nyingi za kazi ni fupi.

Barua ikiwa ndefu, kurudia jina kila mstari kunachosha, na hapo ndipo they inaposaidia. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba they ni ya watu wengi tu, na kwamba usipomjua mtu andika he. Kanuni hiyo ya he iliwahi kuingia hata katika sheria: mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilipitisha kwamba katika sheria zake maneno ya kiume yahesabiwe kuwajumuisha wanawake. Lakini Waingereza wenyewe wamekuwa wakitumia they kwa mtu mmoja asiyejulikana tangu karne ya 14. Mwaka 2019 mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, unaofuatwa na vyuo vingi, uliikubali rasmi. Neno you nalo zamani lilikuwa la wengi, na leo hakuna anayeshangaa kulisikia kwa mtu mmoja. Kwa hiyo kuandika "The driver should bring their licence" si kosa. La kukumbuka ni kwamba kitenzi hubaki cha wingi: they are, they have, hata kama dereva ni mmoja.

Hata hivyo they ina mpaka wake, na nimewahi kuupita. Niliandika kuhusu fundi wa kampuni fulani: "The contractor told us they will pay for the pipes." Mhasibu alirudi kuuliza: anayelipa ni fundi mwenyewe au kampuni yake? Swali lilikuwa la haki, kwa sababu they ilikuwa imebeba wote wawili. Palipo na mtu mmoja na kundi lake katika sentensi moja, sasa narudisha jina: the contractor, au the company. Tusione ugeni hapo, kwa sababu Kiswahili kinatulazimisha hivyohivyo. Mtu akiniambia "alimwambia amlipe", lazima niulize nani, nani na nani.

Salamu nayo ina swali lake. Katika barua za ofisi zetu tuna neno Ndugu, linalomfaa kila mtu, na heshima yake haipungui. Kiingereza kina Mr na Ms, na kila moja imechagua upande. Nisipojua, naandika jina kamili baada ya Dear, kama linavyosomeka kwenye barua yake. Nikijua mtu ni daktari au profesa, Dr na Prof. zinabeba heshima bila kugusa jinsia. Kabla ya yote husoma mwisho wa barua aliyoniandikia. Siku hizi watu wengi, hasa wa Ulaya na Amerika, huandika chini ya jina lao namna wanavyotaka kutajwa, na mtu akishasema mwenyewe, kilichobaki ni kumfuata.

Kabla ya kutuma barua inayomhusu mtu nisiyemjua, natumia Ctrl+F kutafuta maneno matano: he, she, him, his na her. Ukitafuta he peke yake utaletewa the, they na when zote, na his utaikuta ndani ya this. Kwa hiyo naweka nafasi kabla na baada ya neno, halafu naangalia kwa macho mwanzo wa mistari na maneno yaliyokaa karibu na nukta au koma, maana huko utafutaji wa namna hiyo hukosa. Kwa kila neno ninalolipata najiuliza: nani aliniambia? Kama kuna aliyeniambia, linabaki. Nikishajua kwamba Furaha ni mwanamke naandika she, sijifichi nyuma ya they. Kama hakuna aliyeniambia, naliondoa au nauliza. Na jambo lenyewe likihitaji jinsia, kama vile likizo ya uzazi au watu wawili kulala chumba kimoja safarini, sizungushi maneno. Nampigia simu anayejua.

Furaha alikuja Dar es Salaam miezi kadhaa baadaye kwa semina. Nilimfuata nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemchelewesha, na nikamweleza ilivyokuwa. Alisikiliza, akakunja na kukunjua mkono wake wa kushoto, akasema: "Mkono uliunga kabla barua zenu hazijaelewana." Hakusema kwa hasira, ila sijalisahau neno hilo, kwa sababu ni kweli.

Mratibu wa Kigoma alikuwa amesimama karibu nasi. Ndiye aliyeniletea habari, akapokea simu yangu, akahangaikia nakala ya kitambulisho, na nimemtaja tangu mstari wa kwanza. Kama ni mwanamume au mwanamke sikusema popote, na habari yake haikupungukiwa kitu. Kama ningekuwa nimeandika haya kwa Kiingereza, ningeshakuwa nimejibu swali hilo zamani. Kwa mratibu ningejibu sawasawa, kwa sababu namfahamu. Kwa Furaha nilijibu bila kumfahamu, na gharama ya jibu hilo aliibeba yeye.